Faida Iliyokuwa Chini ya Robota

Mwalimu aliyenialika aliomba nizungumze na wanafunzi kwa dakika 40 kuhusu stadi zinazopatikana nje ya darasa. Nilikaa siku tatu nikiandika hotuba. Nilieleza nilivyoanza na meza moja sokoni, nilivyouza mitumba miaka 9, nilivyofungua karakana ya kurekebisha na kuuza nguo, na kwamba leo nafanya kazi na watu 11. Usiku wa kuamkia siku yenyewe nikaisoma kwa sauti, na nikaona haina kitu ambacho mtoto angeweza kuondoka nacho. Ilikuwa habari yangu tu, tangu mwanzo hadi mwisho. Nikaiacha nyumbani. Nilichukua mfuko, nikatia mashati 20 yaliyotoka kwenye robota moja, yaani mzigo mmoja wa mitumba uliofungwa, nikaenda nao.

Naandika hapa kilichotokea kwa sababu somo lenyewe lina hesabu, na hesabu ikisemwa kwa mdomo hupita haraka. Namba zote nitakazotumia ni namba tupu, hazina jina la fedha. Kila msomaji aweke fedha anayoijua.

Niliyamwaga mashati juu ya meza mbili zilizounganishwa, nikawaambia, "Wanangu, mzigo huu umenigharimu 1,000. Niambieni kila shati niliuze kwa bei gani."

Kalamu zikashika kazi. Dakika haikuisha, mikono ilikuwa juu. Gawanya 1,000 kwa 20, unapata 50. Ongeza nusu yake iwe faida, unapata 75. Karibu darasa zima walifika hapo, na hesabu yao haikuwa na kosa. Mtu anayeuza sabuni za aina moja zilizotoka kiwanda kimoja angeweza kuishi na bei hiyo. Nikaiandika 75 ubaoni kwa herufi kubwa.

"Sasa ninyi ni wateja," nikasema. "Kila shati ni 75. Mmoja mmoja apite achague lake."

Kijana wa kwanza hakusita. Alichomoa shati la bluu ambalo kola yake ilikuwa bado imesimama. Aliyefuata akachukua jeupe lenye vifungo vyote. Wa tatu na wa nne wakafanya vivyo hivyo, na mashati mazuri manne yakawa yameondoka kabla sijamaliza kupanga viti. Kuanzia wa tano mikono ikawa mizito. Walikuwa wanageuza, wanaangalia nyuma, wanalinganisha mawili. Wa 11 alilishika shati moja, akalifunua upande wa makwapa, akalirudisha taratibu mahali pake. "Hili kwa 75 silitaki," akasema. Wa 12 naye akakataa. Mezani yalibaki mashati 10.

Tukapiga hesabu pamoja. Mashati 10 kwa 75 ni 750. Katika yale 10 yaliyobaki, matatu yalikuwa ya kawaida, matano dhaifu, na mawili yamechanika. Mzigo wa namna hiyo ukishadoda, mteja anajua umedoda. Anauona umekaa, anaona wenzake wameupita, na bei anaitaja yeye. Kwa uzoefu wangu, yale nane yangeondoka kwa 20 kila moja, na mawili yaliyochanika yasingenunuliwa kabisa. Hiyo ni 160. Jumlisha na 750, unapata 910. Nilikuwa nimetoa 1,000.

"Tumepoteza 90," nikawaambia, "na kila tulipouza shati tuliamini tunapata 25."

Palikuwa kimya. Msichana mmoja wa safu ya nyuma akaomba nirudie, na nikarudia polepole, maana hapo ndipo niliposimama mimi mwenyewe mwaka wangu wa kwanza sokoni. Kila jioni nilikuwa na fedha mkononi, na kila robota lilipokwisha sikuwa na za kununulia jingine. Niliwashuku wezi. Niliushuku ushuru wa soko. Sikuwahi kuishuku 75.

Kosa lake ni hili. Wastani wa 50 ni gharama ya shati ambalo halipo mezani. Mezani kuna shati la thamani kubwa, la thamani ya kati, na lisilo na thamani, na yote yalinunuliwa kwa pamoja ndani ya mzigo uliofungwa. Ukiyapa bei moja, mteja wa kwanza anaondoka na shati bora kwa bei ya shati la kati, nawe unabaki na yaliyokataliwa ukijaribu kuyauza kwa bei hiyohiyo. Kabla ya kutaja bei lazima uchambue, na kuchambua hakufanyiki kwa kalamu.

Nikayarudisha mashati yote mezani, nikawaita wasogee. Niliwaonyesha kwanza kola. Shati likivaliwa sana, kola huisha pale pale inapokunjika, na ukiigeuza utaona mstari mwembamba wa nyuzi zilizoanza kusimama. Kisha makwapa: usitazame tu, pitisha kidole, kwa sababu jasho la zamani hukakamaza kitambaa hata kama doa limefifia. Kisha mishono ya mabega, uivute kwa pande mbili uone kama uzi unaachia. Mwisho, nyanyua shati lote uelekeze dirishani. Kijana mrefu aliyejitolea alifanya hivyo na shati la kijani ambalo wote walikuwa wamelisifu, na mwanga ukapita kwenye viwiko na mgongoni kama unavyopita kwenye chujio. Darasa likaguna. Shati lile lilikuwa limebakiza kufuliwa mara chache tu.

Nikawaonyesha pia jaribio la mkono uliofumbwa. Kunja sehemu ya kitambaa ndani ya ngumi, hesabu hadi 10, kisha fungua. Pamba hubaki na makunyanzi. Poliesta hujinyoosha yenyewe. Baada ya mwezi sokoni ngumi haina haja tena, kidole gumba kinatosha, lakini siku ya kwanza kila mtu anahitaji ngumi.

Wakachambua. Walibishana sana, hasa juu ya mafungu ya katikati, nami sikuingilia. Mwishowe yakatoka mafungu manne: mashati 4 bora, 9 ya kawaida, 5 dhaifu, na 2 ya kuwa matambara. Tukayapa bei. Yale bora 150 kila moja, ya kawaida 70, dhaifu 25, matambara hayana bei. Ni 600, na 630, na 125. Jumla 1,355. Mzigo ni uleule, mashati ni yaleyale, na badala ya kupoteza 90 tumepata 355 juu ya gharama ya kununulia.

Hapo wengi walifurahi, na ningeweza kuishia hapo. Lakini nilikuwa sijafika kwenye jambo nililokwenda kulisema.

Niliwauliza, "Katika hii 355, niambieni iko kwenye mashati gani."

Walidhani iko kwenye yale manne bora. Ni jibu ambalo ningelitoa mimi. Nikawaambia tuyauze kwa mpangilio yanavyouzika kweli, mazuri kwanza. Manne bora yanaleta 600. Bado hatujarudisha 1,000. Tunaingia kwenye yale ya kawaida: la kwanza 670, la pili 740, la tatu 810, la nne 880, la tano 950, la sita 1,020. Mashati 10 yameshatoka, meza imebaki nusu, na ndiyo kwanza tumerudisha mtaji na ziada ya 20. Faida yote iliyosalia imelala kwenye mashati matatu ya kawaida na yale matano dhaifu ambayo kila mtu anayaona takataka. Matatu kwa 70 ni 210, matano kwa 25 ni 125, ongeza ile 20. Ndiyo 355.

Mfanyabiashara mpya haoni hivyo. Anafungua robota asubuhi, kufika saa sita mchana mkono wake umejaa, naye anasema leo kumekucha. Anakula vizuri, anamlipa mtu deni, anamsaidia ndugu. Fedha aliyoigusa siyo faida, ni mtaji unaorudi nyumbani. Jioni ya pili amebaki na mashati dhaifu, amechoka kuyaangalia, anayatupa kwa bei yoyote ili afungue jingine. Anatupa faida yenyewe. Nimewaona watu wenye mdomo mtamu na nguvu za kuamka alfajiri wakiondoka sokoni kwa njia hii, na wengi walisema soko limekuwa baya.

Na ile 355 bado si ya kula. Kuna usafiri wa mzigo, kuna ushuru wa kila siku ya kukaa. Tuseme usafiri ni 60 na ushuru 30 kwa siku, na mzigo umechukua siku mbili. Ondoa 120, inabaki 235. Ukichukua siku nne kuumaliza, ushuru unakuwa 120 na inabaki 175. Ndiyo maana lile fungu la mashati dhaifu huwezi kulibembeleza wiki nzima ukisubiri 30 badala ya 25. Kila siku linayokaa linalipa ushuru.

Mvulana mmoja aliinua mkono akauliza swali zuri kuliko yote ya siku hiyo. "Sasa mama, wewe ulijuaje kwamba lile ni la 150 na lile la 70? Nani alikufundisha?"

Nilifundishwa na mama aliyekuwa na meza jirani na yangu. Hakuwahi kunikalisha chini na kunieleza. Alichofanya ni kunikataza kutaja bei kabla sijachambua mwenyewe. Nilikuwa napanga mafungu yangu, halafu anakuja, anayatazama bila neno, anahamisha shati mbili tatu kutoka fungu hili kwenda lile, kisha anarudi kwenye meza yake. Nilipomuuliza kwa nini, alijibu swali kwa swali: "Umelishika kola?" Nikiwa nimelishika, aliniambia alichoona. Nikiwa sijalishika, alininyamazia mpaka nikaenda kulishika. Ilinichukua kama miezi minne mpaka siku alipopita, akatazama, asihamishe kitu.

Nimefikiri sana kwa nini njia ile ilifanya kazi. Kama angenichambulia yeye, ningeona mafungu yaliyo sahihi na nisijue yalivyopatikana. Kama angeniacha peke yangu, soko lingenijibu kila jioni kwamba nimekosea lakini lisiniambie nimekosea wapi. Shati lisipouzika, huenda bei ilikuwa juu, huenda mvua ilinyesha, huenda nililiweka chini ya mengine. Nilihitaji kukisia kwanza mwenyewe, kisha aje mtu aliyenitangulia asahihishe kile kile nilichokisia, siku ile ile, kwenye shati lile lile.

Kitu cha pili ni daftari, na hili niliwaonyesha kwa macho yao kwa sababu bado ninalo. Kila robota lina ukurasa wake. Mstari wa kushoto niliandika fungu na bei niliyokisia kabla ya kuuza. Mstari wa katikati, bei iliyouzika kweli. Kulia, siku ya ngapi. Kurasa za mwanzo ni aibu tupu ukitazama: 120 niliyokisia, 60 iliyouzika, siku ya nne. Baada ya kurasa kama 15 hivi namba za kushoto na za katikati zinaanza kukaribiana. Bila kuandika kisio kabla, akili hujidanganya. Inakumbuka shati moja lililouzwa kwa bei kubwa na kusahau manane yaliyododa. Nimefanya kazi na watu waliokaa sokoni miaka 20 na bado wanakisia kama wa mwaka mmoja, na ninaamini kabisa tofauti ni mstari ule wa kushoto.

Nilijua swali linalofuata lingekuwa lipi, na likaja. "Kwa hiyo shule haina faida?"

Hapo niliwaeleza jambo lililoniumiza, na bado linaniuma. Nilipotoka sokoni na kufungua karakana, nilipata mteja wa kwanza mkubwa aliyetaka mashati 400. Mimi nilizoea kusema napata asilimia 50: nanunua kwa 100, nauza kwa 150. Mteja akaomba punguzo la asilimia 30. Nikapiga hesabu kichwani, 50 toa 30 inabaki 20, inatosha. Nikakubali, tukapeana mikono.

Nikaandika ubaoni nikawaachia watafute kosa. Msichana yule wa safu ya nyuma aliliona kabla ya wengine. Ile 50 yangu ilikuwa asilimia ya 100, bei ya kununulia. Ile 30 ya mteja ilikuwa asilimia ya 150, bei ya kuuzia. Asilimia 30 ya 150 ni 45. Nilikuwa nauza kwa 105. Nimebakiza 5 kwa shati, na kupiga pasi, kubadilisha vifungo na kufungasha vilikuwa vinanigharimu 12. Kila shati lililotoka mlangoni lilinitoa 7, na yalikuwa 400. Ni 2,800 nilizozilipa kwa kutojua asilimia ni ya nini.

Soko halikuwahi kunifundisha hilo kwa sababu sokoni hakuna anayeomba asilimia. Wanasema punguza kumi, punguza ishirini, na unaona kwa macho kilichobaki. Miaka 9 kosa lile lilikuwa ndani yangu na halikuwahi kupata nafasi ya kujionyesha. Mhasibu kijana niliyemwajiri baadaye, ambaye hajawahi kuuza hata kitambaa cha mkononi, alilipata kwenye mkataba kwa dakika tano. Ndiyo niliyowajibu: mimi nilikuwa na kidole gumba, yeye alikuwa na asilimia, na karakana ilihitaji vyote viwili.

Mwalimu wao naye aliuliza, kwa upole, ni namna gani mwanafunzi apate haya bila kuacha masomo na bila kushika fedha za watu. Nilishukuru kuulizwa. Sitaki mtoto yeyote akakope mtaji kwa sababu yangu, wala akose darasa kukaa mezani. Kujifunza kuchambua hakuhitaji mtaji, kwa sababu unaweza kukisia mzigo wa mtu mwingine. Omba ruhusa kwa mtu mmoja mwenye kazi ya mikono, saa moja mwisho wa wiki. Kwa fundi baiskeli, kabla hajafungua gurudumu, andika unachodhani kimeharibika. Kwa fundi viatu, andika kiatu kipi kitarudi ndani ya mwezi. Kisha muulize yeye, na mwezi ukiisha rudi uangalie. Ukikosea hakuna aliyepoteza kitu. Niliwaambia pia watambue mapema mtu asiyefaa kujifunza kwake: ni yule anayekutuma tu maji na kufagia, na ukimuuliza kwa nini anasema utajua ukikua.

Dakika 40 zilikuwa zimeshapita zamani. Nilipokuwa nafunga mfuko, msichana wa safu ya nyuma alinijia akiwa na karatasi iliyokunjwa. Wakati wenzake wanabishana, alikuwa ameyaandika mashati yote 20, kila moja na kisio chake. Visio vyake vilitofautiana na vyangu kwa mashati matano. Manne nilimweleza pale pale alichokosa kukiona. La tano ni mojawapo ya yale mawili niliyoyaweka kwenye matambara, lililopasuka chini ya mfuko wa kifuani. Yeye aliandika 60. Alisema mpasuko umefuata mshono, kitambaa chenyewe ni kizima, na mfuko ukishushwa kidole kimoja utaufunika.

Nililitoa mfukoni nikalielekeza dirishani. Kitambaa kilikuwa kizima.

Fundi wangu ameushusha mfuko ule juzi, na shati linaning'inia pale mbele na bei ya 60. Kwenye daftari, mstari wa kushoto, nimeandika namba ya msichana yule na siyo ya kwangu. Mstari wa katikati bado uko wazi, na leo ni siku ya pili.